Barua ya Wazi kwa EWURA: Ada ya Kurudishia Maji Ambayo Hayakukatwa

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Nakala kwa Wizara ya Maji, kwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC).



Barua hii inatoka Kibaoni, katika Halmashauri ya Mpimbwe mkoani Katavi, na inahusu mstari mmoja tu ndani ya bili ya maji. Ni ule unaosomeka "ada ya kurudishia huduma". Mteja aliyekatiwa maji kwa deni, akalipa, akafunguliwa, anajua mstari huo umetoka wapi na hana ugomvi nao. Ugomvi upo kwa mteja mwingine: aliyepewa ilani ya kukatiwa, akalipa deni lote kabla fundi hajafika, maji yake hayakufungwa hata kwa dakika moja, na bado mwisho wa mwezi akaukuta mstari uleule na kiasi kilekile.

Mwandishi hamtaji mtoa huduma yeyote kwa jina. Si kwa woga. Kasoro inayoelezwa hapa haihitaji ofisi mbaya wala karani mwenye nia mbaya ili itokee. Inahitaji tu ofisi inayotoa maji mwezi mzima kisha ikadai baadaye, kompyuta inayoandaa orodha ya wadaiwa, na kanuni isiyosema ni saa ngapi hasa ada inazaliwa. Ofisi za namna hiyo zimejaa nchi nzima, na EWURA ndiyo inayopitisha bei za mamlaka za maji. Ndiyo maana barua imeelekezwa huko.

Upande wa umeme adha hii karibu imesahaulika. Mwenye mita ya LUKU uniti zikimwishia, taa zinazimika. Akinunua, anaingiza tarakimu zake 20 na taa zinawaka. Hakuna fundi aliyekuja kukata, hakuna fundi aliyekuja kuunga, na hakuna anayedaiwa ada ya kuungiwa. Maji ya bomba kwa wateja wengi bado yanakwenda kwa utaratibu wa zamani: mita inasomwa, bili inatoka, muda wa kulipa unapewa, ukipita ilani inatoka, na ilani ikipuuzwa fundi anatumwa. Kati ya ilani na fundi kuna nafasi ya siku kadhaa. Humo ndimo fedha za watu zinamopotelea.

Ili jambo lieleweke, afadhali lifuatwe hatua kwa hatua kwa mfano. Mfano huu na tarakimu zake umetungwa ili hesabu ionekane, lakini kila hatua ndani yake ni ya kawaida.

Mama lishe mmoja wa pale barabarani ana mita ya maji uani. Bili yake ya mwisho ilisomwa kwenye uniti 412, na anadaiwa Sh 28,400 kwa sababu miezi miwili iliyopita biashara ilikuwa nyembamba. Huku Mpimbwe fedha huzunguka vizuri mpunga ukishauzwa. Kabla ya hapo hata sahani ya wali maharage hukopwa. Ijumaa anapata ujumbe kwenye simu na karatasi mlangoni: alipe ndani ya siku zilizotajwa, la sivyo huduma itasitishwa. Anakusanya fedha Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Jumanne saa 4:14 asubuhi anakwenda kwa wakala, anataja namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo kila mtu huiita kontrol namba, na analipa Sh 28,400 zote. Ujumbe wa muamala unaingia papo hapo, una kiasi, tarehe, saa na namba ya risiti.

Asichokijua ni kwamba Jumatatu jioni ofisini orodha ya wa kukatiwa kesho yake ilishachapwa. Jina lake limo. Na orodha ilipotolewa, kompyuta ilifanya jambo la pili kimyakimya: ilipakia ada ya kurudishia huduma, tuseme Sh 15,000, kwenye akaunti ya kila aliyemo. Kwa mwenye mfumo ni njia rahisi. Kila aliye kwenye orodha anahesabiwa kuwa amekatwa, hivyo ada inawekwa mapema ili mteja akija kulipa alipe vyote kwa pamoja.

Fundi anafika Jumanne saa 7 mchana na pikipiki, spana na karatasi yake. Mama lishe anamwonyesha ujumbe kwenye simu. Fundi anausoma, anaandika "amelipa" kwa kalamu pembeni ya jina, anapanda pikipiki na kwenda nyumba ya pili. Fundi huyu amefanya kazi yake vizuri kabisa na anastahili shukrani, kwani wapo wanaofunga kwanza na kusikiliza baadaye. Tatizo ni kwamba lile neno aliloandika kwa kalamu halifiki kwenye kompyuta. Orodha inarudi ofisini, inawekwa kwenye faili, na zile Sh 15,000 zinabaki pale zilipopakiwa.

Mwisho wa mwezi mita inasomwa: 420. Uniti 8 zimetumika, na kwa Sh 1,200 kila uniti ni Sh 9,600. Bili inayomfikia inasema Sh 24,600.

Hapo ndipo madhara ya pili yanapoanza, na haya ni makubwa kuliko yale ya kwanza. Mama lishe anaona kosa, anaamua kulipa anachodaiwa kwa haki, Sh 9,600 za maji ya mwezi, na kuiacha ada hadi atakapopata mtu wa kumsikiliza. Uamuzi wa busara. Lakini mifumo mingi ya ankara hupeleka malipo kwenye deni la zamani zaidi. Ada ilipakiwa Jumatatu ile. Maji ya mwezi yaliandikwa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo Sh 9,600 zake zinamezwa na ada. Katika kumbukumbu za ofisi sasa anadaiwa Sh 5,400 za ada na Sh 9,600 za maji, jumla Sh 15,000, na anaonekana kuwa mtu ambaye hajalipa hata senti ya maji ya mwezi huu. Muda wa kulipa ukipita, jina lake linaingia tena kwenye orodha ya wa kukatiwa. Na orodha ikichapwa, ada ya pili inapakiwa: Sh 30,000 kwa mteja ambaye amelipa maji yake yote na ambaye bomba lake halijawahi kufungwa.

Deni la aina hiyo halitokani na maji. Linazaliwa na orodha, na mteja hawezi kulimaliza kwa kulipa maji peke yake hata akilipa kwa uaminifu gani. Njia iliyobaki ni kulipa ada asiyodaiwa, na wengi hufanya hivyo. Mtu wa Kibaoni akitaka kufuatilia jambo kwenye ofisi za mkoa, safari ni ya kuvuka Hifadhi ya Katavi, kupita Sitalike hadi Mpanda mjini, na kurudi. Ni siku nzima ya kazi imepotea pamoja na nauli, na anaweza kuambiwa mhusika yuko kikaoni. Mama lishe asiyepika siku moja amepoteza mtaji wa siku mbili. Akipiga hesabu anaona bora alipe yaishe. Ndivyo kosa linavyogeuka kuwa mapato, na mapato yasiyolalamikiwa hayana anayehangaika kuyarekebisha.

Sasa swali lenyewe. Ada ya kurudishia huduma ni malipo ya nini?

Ni malipo ya kazi. Fundi alitumwa kufunga, akatumwa tena kufungua. Mafuta yametumika mara mbili, saa za kazi zimetumika, pengine kufuli au lakiri mpya imewekwa, na mita kama iling'olewa imerudishwa mahali pake. Gharama hizo zimesababishwa na mteja mmoja aliyechelewa, na si haki wazibebe majirani waliolipa kwa wakati. Mwandishi anakubaliana na hoja hiyo bila kusita. Ila hoja hiyohiyo ndiyo inayoweka mpaka: pasipo kufunga hakuna kufungua, na pasipo kufungua hakuna cha kulipia. Kama ada ingekuwa adhabu ya kuchelewa kulipa, basi ingeitwa faini ya kuchelewa, ingepitishwa kwa jina hilo na kwa kiwango chake, na mteja angeambiwa mapema. Haiwezekani ipitishwe kama gharama ya fundi kisha itozwe kama adhabu.

EWURA yenyewe imewahi kuonyesha kwamba tozo isiyo na kazi nyuma yake inaweza kuondolewa. Hadi mwanzoni mwa 2016 mteja wa umeme wa daraja la T1 alikuwa anakatwa Sh 5,520 kila mwezi kama tozo ya huduma, awe ametumia umeme au nyumba ilikuwa imefungwa. Malalamiko yalikuwa ya miaka. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 tozo hiyo ilifutwa, na mtu aliyenunua LUKU akaanza kupata umeme wa fedha yake. Hakuna shirika lililoanguka kwa sababu hiyo. Kinachoombwa hapa ni kidogo kuliko kile, maana hakuna anayetaka ada ya kurudishia ifutwe. Kinachotakiwa ni itozwe kwa aliyerudishiwa.

Mtoa huduma anaweza kujibu kwamba hana njia ya kujua nani alifungwa na nani hakufungwa zaidi ya orodha. Jibu hilo haliwezi kusimama mbele ya mita.

Mita ya kawaida ya nyumbani ina tarakimu nyeusi zinazohesabu uniti nzima, yaani lita 1,000 kila moja, na zingine nyekundu zinazohesabu sehemu ya uniti. Katikati kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka hata koki ikiachwa idondoke. Maji yakifungwa kabla ya mita, kigurudumu kinasimama na tarakimu zinaganda. Kwa hiyo kila ukataji wa kweli huacha alama mbili: usomaji wa siku ya kufunga na usomaji wa siku ya kufungua, na alama hizo lazima zilingane. Kama mteja alifungwa Jumanne kwenye uniti 414 na kufunguliwa Alhamisi, Alhamisi mita inasoma 414. Ikisoma 415, maji yalikuwa yanapita. Na kama kwenye kumbukumbu hakuna usomaji wowote wa siku ya kufunga, basi hakuna ushahidi kwamba kuna mtu aliyefunga kitu.

Kipimo hicho hakihitaji mtambo mpya. Mtumishi wa idara ya wateja anaweza kukifanya kwa dakika chache kwa kila mteja aliyetozwa ada, kwa kuuliza maswali mawili: fundi aliandika mita ilisoma ngapi alipofunga, na ilisoma ngapi alipofungua? Pasipo majibu, ada haina miguu ya kusimamia. Fundi siku hizi ana simu yenye kamera. Picha moja ya uso wa mita ikiwa imefungwa inatosha kumlinda yeye, ofisi na mteja kwa pamoja.

Upande wa malipo nao kuna ushahidi usiobishaniwa. Tangu 2017 malipo ya taasisi za umma yamekuwa yakihamia kwenye mfumo wa serikali wa malipo, GePG, na mteja analipa kwa simu, benki au wakala. Malipo yakikamilika kuna saa iliyoandikwa. Saa hiyo haiandikwi na mteja wala na mtoa huduma, inaandikwa na mfumo wa malipo, na ndiyo inayopaswa kuhesabika. Inatokea malipo yakachelewa kuonekana kwenye akaunti ya maji, labda mtandao ulikuwa chini au mtoa huduma hulinganisha hesabu zake mwisho wa siku. Kuchelewa huko ni kwa ndani, baina ya ofisi na mifumo yake. Mteja aliyelipa saa 4:14 amelipa saa 4:14, hata kama ofisi iliona saa 11 jioni.

Haki haiko upande mmoja siku zote, na barua hii haitaki kudai hivyo. Yupo mteja anayelipa nusu ya deni akadhani amenusurika, ilhali ilani ilisema alipe lote au aingie makubaliano ya kulipa kidogo kidogo. Yupo anayetumia namba ya malipo ya mpangaji mwenzake, fedha zikaenda kwenye mita nyingine. Yupo pia anayengoja hadi asikie pikipiki ya fundi getini ndipo akimbilie kwa wakala. Huyo wa mwisho ni mgumu kumwamua, kwa sababu fundi kweli amesafiri na mafuta yametumika. Kwa maoni ya mwandishi, kama mtoa huduma anataka kufidiwa safari hiyo, basi aombe EWURA impitishie malipo ya safari ya fundi, yawe madogo kuliko ada ya kurudishia, yaandikwe kwenye ilani, na yatozwe tu kwa mtu ambaye muamala wake una saa ya baada ya fundi kufika. Mama lishe wa mfano wetu alilipa karibu saa tatu kabla ya fundi kufika. Yeye hayumo.

Mahakama za nchi nyingine zimeshakutana na jambo hili, na mambo mawili ziliyoamua yanastahili kusomwa Dodoma na Mpanda.

Huko Memphis, Marekani, familia ya Craft ilihamia mwaka 1972 kwenye nyumba ambayo zamani ilikuwa ya kaya mbili, ikiwa na seti mbili za mita. Wakawa wanaletewa bili mbili kila mwezi. Waliita mafundi wao binafsi kuunganisha mita, lakini bili za ziada ziliendelea, deni likakua, na huduma ikakatwa mara tano. Mama wa nyumba alipoacha kazi kwenda kulalamika ofisini hakupata mtu mwenye mamlaka ya kusikiliza. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1978 ikaamua kwamba shirika la umma haliwezi kukata huduma ya lazima kwa karatasi inayosema tu "lipa au ukatwe". Ilani lazima imwambie mteja kwamba anaweza kupinga bili, aende wapi, na amwone nani. Kilichoishinda familia ile hakikuwa ukubwa wa fedha. Jaji wa kwanza alipendekeza warejeshewe dola 35 tu. Kilichoishinda ni kukosa mlango wa kugonga.

Afrika Kusini nayo ina uamuzi wa mwaka 2009 wa Mahakama ya Katiba, katika shauri la Joseph na wenzake dhidi ya Jiji la Johannesburg. Wapangaji wa jengo moja walikuwa wanalipa umeme kwa mwenye nyumba, naye hakuzifikisha fedha hizo kwa Jiji. Julai 2008 jengo zima likazimwa bila wapangaji kuambiwa lolote. Mahakama ilisema walistahili ilani ya siku 14, na ilani hiyo iwe na habari za kutosha: siku na saa ya kukatwa, sababu, na mahali pa kwenda kupinga. Maneno "siku na saa" ndiyo yenye uzito kwa watu wa Kibaoni. Ilani inayotaja saa inaweka mpaka unaoonekana na pande zote mbili. Aliyelipa kabla yake yuko ndani, aliyelipa baada yake yuko nje, na hakuna nafasi ya orodha iliyochapwa usiku uliotangulia kuamua kinyume.

Tanzania haina upungufu wa vyombo. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 iko, nayo ndiyo iliyoizaa RUWASA. EWURA inapokea malalamiko baada ya mteja kuanza kwa mtoa huduma wake na kutoridhika. EWURA CCC ipo kwa ajili ya kumsemea mtumiaji. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anaweza kwenda Baraza la Ushindani. Ngazi zote hizo ni nzuri kwa mgogoro wa mamilioni. Kwa Sh 15,000 hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezipanda, na mtoa huduma analijua hilo. Ndiyo maana suluhisho la ada hii halipaswi kumsubiri mlalamikaji. Linapaswa kukaa ndani ya kanuni ili kosa lisitokee kabisa.

EWURA inaombwa basi iandike, katika idhini za bei na miongozo ya huduma kwa wateja, kwamba ada ya kurudishia huduma inazaliwa pale bomba linapofungwa na si pale orodha inapochapwa. Isiingizwe kwenye akaunti hadi fundi alete rekodi ya kufunga: tarehe, saa, usomaji wa mita, na picha inapowezekana. Sharti hili moja likiwekwa, lile neno "amelipa" lililoandikwa kwa kalamu halitakuwa na kazi ya kufuta chochote, kwa sababu hakutakuwa na kilichopakiwa.

Wizara ya Maji nayo ina nafasi yake. Imekuwa ikizihamishia mamlaka za maji kwenye mfumo wa pamoja wa ankara, MajiIS. Kanuni ikiingizwa mara moja kwenye mfumo wa pamoja, inafanya kazi kila mahali kwa siku moja, bila kungoja kila meneja aelewe waraka. Mfumo huohuo unaweza kuamriwa uilinganishe orodha ya wa kukatiwa na malipo ya asubuhi kabla fundi hajaondoka, na umwezeshe fundi kuangalia salio la mteja akiwa getini. Na ada inapobishaniwa iwekwe kando: malipo ya mteja yaingie kwanza kwenye maji aliyotumia, na asikatiwe kwa ajili ya kiasi ambacho hakijaamuliwa.

RUWASA inaombwa ipeleke sharti hilohilo kwenye vyombo vya watumia maji vya ngazi ya jamii. Huko mambo ni rahisi zaidi na magumu zaidi. Rahisi, kwa kuwa mhasibu, fundi na mteja wanafahamiana na huenda wanasali pamoja. Magumu, kwa kuwa kumbukumbu mara nyingi ni daftari, na daftari lisilo na safu ya "usomaji siku ya kufunga" haliwezi kuthibitisha kitu. Kuongeza safu hiyo ni kazi ya rula na kalamu.

Wakati hayo yakisubiriwa, mteja ambaye tayari ana mstari huu kwenye bili yake ana la kufanya, na si lazima asafiri kwanza. Ujumbe wa muamala usifutwe. Upigwe picha, maana simu hupotea na ujumbe hufutika. Siku ilani inapofika, na siku anapolipa, aende kwenye mita aandike tarakimu zake pamoja na tarehe, au azipige picha. Akiona ada kwenye bili, aandike barua fupi kwa mtoa huduma yenye mambo manne: namba ya akaunti, saa ya malipo, usomaji wa mita siku ya malipo na usomaji wa sasa, na swali moja tu, "Bomba langu lilifungwa siku gani, saa ngapi, na mita ilisoma ngapi?" Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Akiwa mbali na ofisi, mtendaji wa kata anaweza kumwelekeza namna ya kuifikisha barua. Asidai fedha kwanza, adai usomaji. Ofisi isiyo na usomaji huo haitakuwa na la kujibu, na barua yenye muhuri ndiyo atakayoiambatisha akilazimika kwenda EWURA.

Kwa waliokwisha kulipa, EWURA inaombwa iagize kila mtoa huduma apitie ada za kurudishia alizotoza katika miezi 12 iliyopita na kutenganisha zile zisizo na usomaji wa kufunga. Fedha hizo zirudi kwenye akaunti za wateja kama salio la maji, bila wao kuandika barua wala kupanda basi, na idadi yake itangazwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kata, Kibaoni ikiwemo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtumiaji wa maji, Kibaoni, Mpimbwe, Mkoa wa Katavi